Kitufe Kilichotoka Nje ya Skrini

Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, zina skrini ya pikseli 1600 kwa 720. Ukiilaza simu hiyo ubavu, upana wake unazidi kimo zaidi ya mara mbili. Skrini ya kompyuta ambayo msanidi anaitumia kutengeneza mchezo mara nyingi ni 1920 kwa 1080. Nayo iPad ya inchi 9.7 ni 2048 kwa 1536, umbo linalokaribia mraba. Hizo ni skrini tatu, na hakuna mbili kati yake zenye uwiano sawa wa upana na kimo.

Mchezo uliopangwa vizuri kwenye skrini ya msanidi unaweza kuharibika kwenye hizo nyingine mbili kwa namna ambazo hazifanani. Kwenye tableti, kitufe cha kusitisha mchezo kinatoweka kabisa. Kwenye simu, majina ya wachezaji yanaangukia juu ya uwanja wa mchezo. Mchezaji hana njia ya kurekebisha lolote kati ya hayo. Anachoweza kufanya ni kuufuta mchezo.

Unity, mojawapo ya injini za michezo zinazotumiwa zaidi duniani, iliweka mfumo wake wa kushughulikia tatizo hili katika toleo la 4.6, lililotoka Novemba 2014, na mfumo huo ungali unatumika. Una nyenzo tatu, na kila moja inajibu swali lake. Canvas Scaler inajibu vitu viwe vikubwa kiasi gani. Nanga zinajibu kitu kishikwe sehemu gani ya skrini. Egemeo linajibu ni nukta ipi ya kitu chenyewe inayoshikwa. Makosa mengi ya mpangilio hutokea pale msanidi anapoitumia nyenzo moja kujibu swali la nyingine.

Mchezo wa bao unafaa sana kuonyesha jambo hili, kwa sababu ubao wake una umbo lisilobadilika: mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane. Tuseme msanidi ameupanga kwa skrini ya 1920 kwa 1080. Kila shimo amelipa nafasi ya 200 kwa 180, hivyo ubao mzima una upana wa 1600 na kimo cha 720, nao umekaa katikati. Juu kuna utepe wenye kimo cha 140, unaotoka ukingo hadi ukingo, umebeba majina ya wachezaji wawili na, mwisho wa kulia, kitufe cha kusitisha chenye ukubwa wa 120 kwa 120. Chini kuna utepe mwingine wa kimo hichohicho, unaoonyesha kete ambazo bado ziko mkononi. Ukitoa 720 katika 1080 zinabaki 360, yaani 180 juu na 180 chini. Utepe unachukua 140, na 40 zinabaki wazi kati yake na ubao. Kila kitu kimetoshea.

Ukubwa

Vitu vya kiolesura katika mfumo huu wa Unity hukaa ndani ya turubai, ambayo kwenye orodha ya vitu vya mchezo huandikwa Canvas. Turubai hiyo kwa kawaida inafunika skrini nzima. Juu yake hukaa Canvas Scaler, yenye sehemu iitwayo UI Scale Mode, na hapo kuna njia tatu za kuchagua.

Njia ya kwanza, Constant Pixel Size, ndiyo ambayo Unity huiweka yenyewe pale turubai inapoundwa. Hapa kizio kimoja cha mpangilio ni pikseli moja ya skrini, bila kujali skrini ni ipi. Bao letu likiwekwa hivyo kwenye simu ya 1600 kwa 720, ubao unajaza skrini yote bila kubakiza hata pikseli moja, na tepe mbili zinaufunika juu na chini. Likifunguliwa kwenye skrini ya 3840 kwa 2160, ubao unachukua chini ya nusu ya upana na maandishi yanakuwa madogo mno. Njia hii haifai kwa mchezo utakaosambazwa kwenye vifaa vingi.

Njia nyingine, Constant Physical Size, hupima kwa milimita, sentimita au inchi. Inavutia, kwa kuwa kidole cha mchezaji hakibadiliki ukubwa anapobadilisha simu. Lakini inategemea kifaa kitoe taarifa sahihi ya msongamano wa pikseli zake, na maelezo rasmi ya Unity yanaonya kwamba kwenye Android taarifa hiyo huenda isiwe sahihi. Kifaa kisipoitoa kabisa, injini hutumia makadirio ya pikseli 96 kwa inchi, ambayo ni mbali sana na hali ya simu za leo.

Inabaki Scale With Screen Size, na hii ndiyo inayotumika katika michezo mingi ya simu. Msanidi anaandika ukubwa wa skrini aliyoipangia mchezo katika Reference Resolution. Unity huanza na 800 kwa 600, kwa hiyo ni lazima kubadilisha. Kwa bao letu ni 1920 kwa 1080. Mchezo unapofunguka, injini inalinganisha skrini halisi na hiyo ya mfano, inapata kigezo kimoja cha kukuza au kupunguza, na kukitumia kwa kila kitu.

Hapo ndipo wengi wanapopotea njia. Kigezo ni kimoja tu kwa upana na kimo, la sivyo mashimo ya mviringo yangekuwa mayai. Na kwa kuwa ni kimoja, hakiwezi kuifanya skrini ya umbo jingine iwe na vizio 1920 kwa 1080. Kinachobadilika ni umbo la turubai yenyewe. Ukigawanya pikseli za skrini kwa kigezo, unapata ukubwa wa turubai kwa vizio, na ukubwa huo ndio nafasi halisi ambayo msanidi anayo.

Simu ya 1600 kwa 720 inaonyesha hivi. Upana wake ukigawanywa kwa 1920 ni 0.833. Kimo chake kikigawanywa kwa 1080 ni 0.667. Injini ichukue kipi? Sehemu iitwayo Match ndiyo inayoamua: 0 ni kufuata upana, 1 ni kufuata kimo, na katikati ni mchanganyiko.

Tukifuata upana, turubai inakuwa 1920 kwa 864. Ubao una kimo cha 720, kwa hiyo zinabaki 72 tu juu na 72 chini. Utepe wa 140 unaingia juu ya ubao kwa vizio 68, na safu ya kwanza ya mashimo haionekani vizuri. Tukifuata kimo, turubai inakuwa 2400 kwa 1080 na kila kitu kinatoshea, huku nafasi tele ikibaki kushoto na kulia.

Basi msanidi anaweka Match kuwa 1, anafurahi, kisha anajaribu kwenye iPad. Pale kigezo cha kimo ni 1.422, na turubai inakuwa 1440 kwa 1080. Ubao una upana wa 1600. Vizio 80 vinakatwa kila upande.

Watu wengi hukimbilia 0.5 wakiamini kwamba katikati ni salama. Injini haichukui wastani wa kawaida. Inapiga hesabu kwa logariti, ili skrini yenye upana maradufu na kimo nusu itoe kigezo cha 1 badala ya 1.25. Kwa simu yetu hesabu ni hii:

```
(1600/1920)^0.5 × (720/1080)^0.5 = 0.745
```

Turubai inakuwa takriban 2147 kwa 966. Zinabaki 123 juu ya ubao, nao utepe unahitaji 140, hivyo mgongano wa vizio 17 upo bado. Kwenye iPad, 0.5 inatoa turubai ya takriban 1663 kwa 1247, na ubao unapita kwa kubakiza 31 kila upande. Kasoro imepungua kwenye simu, lakini haijaisha.

Jibu la mchezo wa namna hii liko kwenye chaguo jingine la Screen Match Mode, nalo ni Expand. Injini inachukua kigezo kidogo kati ya viwili, chochote kitakachokuwa. Matokeo yake ni kwamba turubai haipungui kamwe chini ya 1920 kwa upana wala chini ya 1080 kwa kimo. Inaweza kuzidi tu. Simu inapata 2400 kwa 1080, na iPad inapata 1920 kwa 1440. Ubao na tepe zake vinatoshea kote kuwili, kwa sababu mpangilio wa msanidi umegeuka kuwa nafasi ya chini kabisa inayokubalika. Chaguo la tatu, Shrink, hufanya kinyume: turubai haizidi kamwe ukubwa wa mfano, na kwa bao letu hiyo ina maana ya kukatwa.

Expand nayo ina gharama. Kwa kuwa huchagua kigezo kidogo, vitu vinaweza kuwa vidogo kwa kidole. Kitufe cha 120 kwenye simu ya 1600 kwa 720 kinakuwa pikseli 80. Kama skrini ya simu hiyo ni inchi 6.5, ina pikseli zipatazo 270 kwa inchi, hivyo kitufe kina upana wa milimita 7.5. Kwenye iPad ya inchi 9.7 kitufe hichohicho kinafika milimita 12. Kanuni za Android zinapendekeza eneo la kugusa lisilopungua dp 48, ambayo kwa hesabu ni inchi 0.3, yaani milimita 7.6. Kitufe chetu kiko mpakani. Canvas Scaler inalinda uwiano wa kitu na skrini, hailindi ukubwa wake mkononi. Kwa hiyo vitufe vipimwe kwenye simu ndogo kuliko zote zinazolengwa.

Mahali

Tukirudi kwenye kitufe kilichotoweka, kosa lake halikuwa la ukubwa. Karibu kila kitu kipya cha kiolesura huzaliwa na nanga zake katikati ya kitu kinachokibeba. Msanidi anakivuta kitufe hadi kona ya kulia juu, anakiona kimekaa sawa, na kuendelea na kazi. Alichokiandika Unity ni kwamba kitovu cha kitufe kiko vizio 860 kulia kwa katikati: 960 za nusu ya skrini, ukitoa 40 za pambizo na 60 za nusu ya kitufe.

Kwenye turubai ya 1440, katikati hadi ukingo ni vizio 720 tu. Ukingo wa kushoto wa kitufe uko kwenye 800. Chote kimetoka nje ya skrini, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaotokea, kwa kuwa kwa injini kitufe kipo na kinafanya kazi mahali pake.

Inafaa kutazama kinachotokea msanidi huyo anapojaribu kutibu tatizo kwa kubadilisha Match kwenda Expand. Turubai ya iPad inakuwa na upana wa 1920 na kitufe kinarudi machoni. Inaonekana kama dawa. Lakini kwenye simu turubai ni 2400, ukingo uko kwenye 1200, na ukingo wa kulia wa kitufe unabaki kwenye 920. Kinaelea vizio 280 kutoka pembeni badala ya 40. Ugonjwa umehamia kifaa kingine.

Nanga hupimwa kwa sehemu ya kitu kinachobeba, kuanzia 0 hadi 1. Kona ya chini kushoto ni (0, 0) na kona ya juu kulia ni (1, 1). Kila kitu kina nanga ya chini na nanga ya juu, Anchor Min na Anchor Max. Zikiwa mahali pamoja, kitu kina ukubwa wake maalumu na kinakaa kwa umbali fulani kutoka nukta hiyo. Zikitengana, kitu kinanyooka kadiri nafasi kati yake inavyonyooka, na kwenye dirisha la Inspector visanduku vya upana na kimo vinageuka kuwa Left, Right, Top na Bottom.

Utepe wa juu unahitaji vyote viwili. Kwa upana unatakiwa unyooke, kwa kimo ubaki 140. Nanga yake ya chini inawekwa (0, 1) na ya juu (1, 1): zimetengana kwa upana, zimekutana kwa kimo kwenye ukingo wa juu. Turubai ikiwa 1920, utepe ni 1920. Ikiwa 2400, utepe ni 2400. Utepe wa kete unapata (0, 0) na (1, 0). Kitufe, kilicho ndani ya utepe, kinapata nanga zote kwenye (1, 0.5), yaani ukingo wa kulia, katikati ya kimo. Ubao peke yake ndio unaobaki na nanga za katikati, kwa sababu katikati ndiko kwao.

Kwenye iPad, ambako Expand inatoa kimo cha 1440, tepe hizi zinashika kingo za juu na chini huku ubao ukibaki katikati na nafasi ya 220 wazi kila upande. Kama zingeachwa na nanga za katikati, zingesimama vizio 180 ndani ya skrini, zikiacha ukanda mtupu juu na chini.

Nukta inayoshikwa

Nanga inasema ni wapi kwenye skrini. Egemeo, linaloandikwa Pivot, linasema ni wapi kwenye kitu. Ni kama picha ukutani: nanga ni mahali palipopigiliwa msumari, egemeo ni mahali kulipofungwa kitanzi kwenye fremu. Nalo hupimwa kwa 0 hadi 1, lakini kwa kufuata ukubwa wa kitu chenyewe.

Kitufe chenye egemeo la katikati kinahitaji Pos X ya -100 ili kiache pambizo ya 40, kwa kuwa ni lazima kuhesabu nusu ya upana wake. Egemeo likiwekwa (1, 0.5), Pos X inakuwa -40, na namba hiyo ndiyo pambizo yenyewe. Kesho msanidi akikikuza kitufe hadi 150, egemeo la katikati litakisogeza ukingoni kwa vizio 15. Egemeo la kulia litaacha pambizo ileile.

Hiyo ni nafuu ya hesabu tu. Umuhimu wake wa kweli unajitokeza pale kitu kinapobadilisha ukubwa chenyewe, na majina ya wachezaji hufanya hivyo kila siku. Jina la mchezaji wa kulia linatakiwa kuishia vizio 40 kabla ya kitufe. Limepewa Content Size Fitter, inayolipanua kwa kufuata herufi. Msanidi anajaribu kwa jina Asha, lenye upana wa vizio 130, na kwa egemeo la katikati anaweka Pos X ya -265. Linaonekana sawa. Kisha anaingia mchezaji aitwaye Mwanamkasi, na jina linachukua 300. Likikua pande zote mbili kutoka katikati, ukingo wake wa kulia unafika -115, wakati kitufe kinaanzia -160. Herufi za mwisho zinaingia kwenye kitufe kwa vizio 45.

Egemeo likiwa (1, 0.5) na Pos X ikiwa -200, jina linakua kuelekea kushoto peke yake. Asha, Mwanamkasi au jina refu zaidi, yote yanaishia palepale. Jina la mchezaji wa kushoto linapewa egemeo la (0, 0.5), likue kuelekea kulia.

Egemeo pia ndilo nukta ambayo kitu kinazungukia na kukuzwa. Orodha ya mipangilio inayofunguka kwa kukuzwa kimo kutoka 0 hadi 1 itashuka kutoka juu kama egemeo liko ukingo wa juu, na itafumuka kutoka katikati kama liko katikati. Anayebonyeza kisanduku cha nanga kwenye Inspector akishikilia Shift huweka nanga na egemeo kwa mara moja. Akiongeza Alt, kitu kinahamia pale pale.

Pale skrini isipotumika yote

Mwaka 2017 ilitoka iPhone X, yenye skrini ya 2436 kwa 1125, mkato wa kamera upande mmoja, kona za mviringo, na mstari wa kurudi mwanzo upande wa chini. Simu nyingi zilifuata mtindo huo. Canvas Scaler haijui lolote kuhusu mkato. Inahesabu skrini nzima. Eneo salama hupatikana kwa `Screen.safeArea`, na simu hiyo ikilazwa eneo hilo linaacha pikseli 132 kushoto, 132 kulia na 63 chini.

Njia iliyozoeleka ni kuweka ndani ya turubai paneli moja tupu inayobeba mpangilio wote, kisha kugeuza eneo salama kuwa nanga zake:

```csharp
Rect s = Screen.safeArea;
RectTransform rt = (RectTransform)transform;
rt.anchorMin = new Vector2(s.xMin / Screen.width,
                           s.yMin / Screen.height);
rt.anchorMax = new Vector2(s.xMax / Screen.width,
                           s.yMax / Screen.height);
rt.offsetMin = rt.offsetMax = Vector2.zero;
```

Kwa kuwa nanga ni sehemu ya skrini, msimbo huu hauhitaji kujua kigezo cha Canvas Scaler. Tepe na kitufe, vikiwa ndani ya paneli hiyo, vinajisogeza vyenyewe. Picha ya nyuma inaachwa nje ya paneli ili ijaze skrini hadi kwenye kona.

Ubao je? Expand kwenye iPhone X inatoa turubai yenye kimo cha 1080, lakini eneo salama lina kama vizio 1020. Ubao ukiachwa nje ya paneli, katikati ya skrini nzima, ukingo wake wa chini uko kwenye 180. Utepe wa kete, uliopandishwa na eneo salama kwa vizio 60, unafika 200. Vinagongana kwa vizio 20. Ubao ukiingizwa ndani ya paneli pamoja na tepe zake, zinabaki 150 juu na 150 chini, na utepe wa 140 unapita kwa kubakiza 10.

Nafasi ya 10 ni finyu, na simu yenye eneo salama dogo zaidi itaimaliza. Msanidi makini haachi ubao uwe na ukubwa usiobadilika. Anaweka kati ya tepe mbili nafasi inayonyooka, na ndani yake ubao wenye Aspect Ratio Fitter iliyowekwa Fit In Parent, kwa uwiano wa 1600 kwa 720, yaani 2.222. Ubao sasa unajipunguza kwa kufuata nafasi iliyopo. Mashimo hayatapungua nao kama yana ukubwa maalumu, kwa hiyo kila shimo linapewa nanga zake kwa sehemu ya ubao: shimo la tatu kutoka kushoto linaanza kwenye 2/8, yaani 0.25, na kuishia kwenye 3/8, yaani 0.375. Maandishi yaliyo ndani ya mashimo hayafuati nanga. Ukubwa wa herufi unabaki uleule, na hesabu za kete zitahitaji kuruhusiwa kujipunguza zenyewe.

Kutambua kosa ni la nani

Dirisha la Game la Unity linaruhusu kuongeza ukubwa wowote wa skrini kwa namba, na Device Simulator, iliyomo ndani ya Unity tangu toleo la 2021.1, inaonyesha pia mkato wa kamera na eneo salama. Skrini tatu zinatosha kufichua karibu kila kosa la bao letu: 2048 kwa 1536, 1600 kwa 720, na iPhone X kwenye Device Simulator.

Dalili zenyewe hutofautiana. Kitu kikielea mbali na ukingo wake, au kikitoka nje ya skrini huku ukubwa wake ukiwa sahihi, tazama nanga. Kila kitu kikiwa kwenye ukingo wake sawasawa lakini vinagongana kwa kukosa nafasi, tazama Canvas Scaler. Kitu kikikaa vizuri kwa maneno mafupi na kumwingilia jirani kwa maneno marefu, tazama egemeo. Anayetazama kwanza dalili hana haja ya kuchezea Match kwa kubahatisha.

Maarifa haya hayaishii Unity. Godot ina nanga za 0 hadi 1 na mpangilio wa kunyoosha wenye chaguo la `expand`. Unreal ina Anchors, inaliita egemeo Alignment, na kigezo chake kinafuata mchoro ambao msanidi anauchora kwa kila ukubwa wa skrini.

Simu za kukunjwa zimeongeza jaribio moja. Samsung Galaxy Z Fold3 ikifunguliwa ina skrini ya ndani ya 2208 kwa 1768, na mchezaji anaweza kuifungua mchezo ukiwa unaendelea. Canvas Scaler inarudia hesabu yake yenyewe: kigezo kinakuwa 1.15, turubai inakuwa 1920 kwa takriban 1537, na tepe zinakwenda kwenye kingo mpya kwa nguvu ya nanga zake. Kinachobaki nyuma ni msimbo wa eneo salama, ambao kwa kawaida huandikwa uendeshwe mara moja tu mchezo unapoanza. Unatakiwa kuhifadhi eneo la mwisho uliloliona, kulilinganisha na `Screen.safeArea` ya sasa ndani ya `Update`, na kuweka nanga upya kila yanapotofautiana.